Simu Tatu Kuhusu Msimamizi Mmoja wa Stoo

Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki nilimpigia simu bosi wa zamani wa mtu tuliyetaka kumwajiri. Tulizungumza dakika nne. Nilimuuliza kama mtu wake ni mwaminifu, akasema ndiyo. Kama ni mchapakazi, ndiyo. Kama ana shida na wenzake, akasema hana neno na mtu. Nikaandika "yuko sawa" pembeni mwa barua ya maombi, na Jumatatu iliyofuata mtu huyo akaanza kazi. Hakumaliza miezi mitano. Nilipoirudia karatasi ile niliona kosa lilikuwa langu: maswali yangu yote matatu yangeweza kujibiwa na mtu ambaye hajawahi kumwona akifanya kazi hata siku moja.

Kwa hiyo tulipotafuta msimamizi mpya wa stoo hapa Kisumu, nilijiapiza kwamba safari hii nitazitolea simu hizo jasho. Sisi tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla: simenti, mabati, nondo, misumari, rangi. Stoo ina wafanyakazi 9, na kila asubuhi malori manne hupakiwa kwenda Busia, Siaya, Homa Bay na maduka ya hapa mjini. Mwombaji aliyetuvutia alikuwa amefanya kazi Nakuru miaka mitatu, kisha Kakamega miezi 14. Wasifu wake ulisema aliongoza watu 12 na kwamba upotevu wa mali ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 3 hadi chini ya 1. Kwenye usaili alijibu vizuri, kwa utulivu, bila majigambo.

Kabla ya kushika simu nilirudi kwake kwanza. Nilimwomba majina ya watu waliomsimamia moja kwa moja, yaani waliompa kazi asubuhi na kuiona jioni. Watu wa kumshuhudia aliowataja awali walikuwa mchungaji na mwalimu wake wa chuo, watu wa heshima, ila hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga stoo alizofanyia kazi. Nikamwomba pia aandike na kutia saini kwamba ananiruhusu kuzungumza nao. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za utendaji wa mtu si kitu cha kuokota kwa mlango wa nyuma. Na kuna upande wa pili: kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamlazimu mwajiri kutoa cheti cha utumishi, lakini cheti hicho husema ulianza lini, ukaondoka lini, na ulifanya kazi gani. Hakuna mwajiri anayelazimika kueleza tabia au utendaji wa mtu. Bosi wa zamani anayekubali kuongea nawe amekufanyia hisani, na ruhusa ya mwombaji ndiyo inayomfungua mdomo.

Kisha nikamuuliza mwombaji swali ambalo sasa siliachi: "Nikimpigia bosi wako wa Nakuru, atasema ulikuwa hodari wapi, na wapi atasema ulimsumbua?" Alifikiri kidogo. Akasema Nakuru watamsifu kwa hesabu. Kisha akaongeza, "Kakamega wanaweza kusema mimi ni mgumu." Hakueleza zaidi, nami sikumbana. Nilikiandika kile alichosema neno kwa neno, kwa sababu nilitaka kukilinganisha na kitakachosemwa.

Namba za simu sikuzichukua kwake peke yake. Si kwamba nilimshuku. Ni kwamba hapa kwetu si ajabu binamu kupokea simu akajiita meneja. Nilipiga simu ya ofisi iliyo kwenye risiti za kampuni ile ya Nakuru, nikaomba kuunganishwa na meneja wa tawi. Alikuwa barabarani. Tulipanga kwa ujumbe mfupi kuzungumza kesho yake saa tisa alasiri, na nilimwambia mapema kwamba nahitaji dakika 25. Bosi anayeshikwa ghafla akiwa na wateja mbele yake atakupa sifa tatu na kukata simu, na huwezi kumlaumu.

"Mzee, habari ya Nakuru?"

"Salama, madamu. Mvua tu."

Nilianza kwa kumweleza kazi yenyewe ilivyo: watu 9, malori manne kabla ya saa mbili, bidhaa zaidi ya 600. Halafu nikamwambia, "Sikupigii kuuliza kama ni mtu mzuri. Hilo tumeliona. Nataka nijue akifika hapa nimsaidie wapi, asije akaanguka." Niliichagua kauli hiyo kwa makusudi. Ukimuuliza mtu kama mwenzake ana kasoro, unamwomba amchongee, na mstaarabu atakataa. Ukimuuliza atahitaji kushikwa mkono wapi, unamwomba amsaidie.

Maswali ya kwanza yalikuwa ya ukubwa tu, yasiyomtia mtu wasiwasi. Alikuwa na watu wangapi chini yake? Wanne, akasema. Na wale 12? Akacheka kidogo. "Wale 8 ni vibarua wa kupakua. Wanakuja siku ya simenti, jioni wanalipwa wanaenda." Mwombaji hakuwa amedanganya, kwa maana siku ya simenti watu 12 kweli walikuwa wakimsikiliza. Ila kumwongoza kibarua wa siku moja na kumwongoza karani anayekuja kila siku kwa miaka mitatu ni kazi mbili tofauti, na yetu ilikuwa ya aina ya pili. Na malori? Mawili kwa siku. Nikaandika.

Nikaja kwenye ile asilimia. Sikuuliza kama ni kweli. Niliuliza, "Ile hesabu ya upotevu, nani alikuwa akiipiga, na aliipigaje?" Akasema hiyo ilikuwa ya mhasibu, yeye alipokea jumla tu. Akanipa jina la mhasibu, nami nikalitia alama ili nimwombe mwombaji ruhusa ya kuongea naye.

Hapo ndipo nilipomwomba anisimulie siku moja. "Nisimulie siku moja ngumu pale stoo, siku ambayo wewe mwenyewe ulikuwepo, mambo yakaharibika. Yeye alifanya nini?" Swali hili lina sharti moja, kwamba awe alikuwepo. Bila sharti hilo utapewa masimulizi ya kusikia.

Alinyamaza, kisha akakumbuka siku ya kuhesabu mali mwisho wa mwaka. Mabati yalikuwa yamepangwa ovyo, ya geji 28 yamechanganyika na ya geji 30, ambayo ni membamba zaidi. Kwa macho mtu huwezi kuyatofautisha upesi, na idadi kwa jumla ilikuwa sawasawa kabisa na ile ya kwenye kompyuta. Wengine wote walitaka kufunga hesabu waende nyumbani. Mwombaji wetu alishika bati moja pembeni akalikunja kidogo, akashika lingine, akasema hayalingani. Akaagiza rundo lote lishushwe, akapima moja moja kwa mikromita hadi saa nne usiku.

"Aliyapima mwenyewe?"

"Mwenyewe. Huyo hamwachii mtu kitu."

Sentensi hiyo aliitoa kama sifa. Niliandika, nikaipigia mstari, kwa sababu sikuwa na hakika kama kwetu ingekuwa sifa.

Kisha ulinganisho. Nilimuuliza amewahi kuwa na wasimamizi wangapi wa stoo kwa miaka yake yote. Sita. Akiwapanga, huyu ni wa ngapi? "Wa pili," akasema bila kusita. Watu wengi huishia hapo wakiwa wameridhika, maana wa pili kati ya sita si haba. Lakini utamu wa swali hili uko kwenye mkia wake: "Na yule wa kwanza alikuwa na nini ambacho huyu hana?"

Nikanyamaza. Kunyamaza kwenye simu ni kugumu kuliko mtu anavyodhani. Ulimi unakuwasha, unataka kumsaidia mwenzako na jibu. Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha mlango ukifungwa.

"Madamu, nikwambie ukweli. Yule wa kwanza akienda likizo, stoo inatembea. Huyu akienda likizo, simu yangu haikomi."

Swali langu la mwisho lilikuwa kama angemrudisha kazini. Akasema ndiyo, leo hii. Kumrudisha kwa kazi gani? "Hesabu. Nampa kuhesabu mali ya matawi yote matatu. Kusimamia watu, hapo ningefikiria." Ukiuliza "ungemrudisha?" peke yake, karibu kila mtu husema ndiyo. Ni pale unapouliza kwa kazi gani ndipo ndiyo hiyo inapopata umbo.

Simu ya Kakamega ilikuwa na hewa nyingine kabisa. Bosi wa kule hakusubiri hata nimalize kujitambulisha. "Huyo ana kiburi," akasema. "Hasikii mtu."

Ningekuwa yule wa mwaka uliotangulia, ningeandika "kiburi" na kulifunga faili. Lakini kiburi ni neno la bosi. Halinionyeshi mtu alifanya nini. Nikamwomba, kwa upole, anipe siku moja alipokiona kiburi hicho. Akasema zilikuwa nyingi. Nikasema nitashukuru kwa moja tu. Akasimulia: lori la simenti lilifika saa kumi na moja jioni likiwa na mifuko 560. Dereva alikuwa na haraka, na yeye bosi alimwambia msimamizi asaini noti ya dilivari, mifuko itahesabiwa asubuhi. Msimamizi akakataa kusaini. Akasema kalamu yake haigusi karatasi kabla mkono haujagusa mfuko. Lori likalala pale. Kesho yake dereva akalalamika kwa mkubwa wake, na bosi akaona ameaibishwa.

"Walipohesabu asubuhi, ilitimia?"

Kimya kidogo. "Ilipungua mifuko minne."

Kwangu mimi, mtu anayekataa kusaini mali asiyoihesabu ni mtu ninayemhitaji. Lakini sikutaka kukimbilia upande wa mwombaji pia, maana hasira ya bosi huwa na mzizi, na mzizi huo waweza kuwa wa haki. Nikauliza, "Mbali na siku hiyo, wateja nao walilalamika?" Hapo sauti yake ikatulia, na ndipo nilipopata kitu cha maana zaidi katika simu ile. Akasema wenye maduka madogo walikuwa wakifika asubuhi kuchukua misumari na rangi, wanasimama kwenye foleni, kwa sababu msimamizi hakuruhusu karani yeyote kutoa bidhaa mpaka yeye mwenyewe ahakikishe. Akiwa upande wa simenti, upande wa rangi unasimama. Wawili watatu waliacha kuja.

Nilipoweka karatasi mbili kando kwa kando jioni ile, niliona kitu ambacho sikukitarajia. Nakuru walisema "hamwachii mtu kitu" wakimsifu. Kakamega walisema "hasikii mtu" wakimlaumu. Ilikuwa tabia ile ile moja. Nakuru malori mawili kwa siku yalimpa nafasi ya kugusa kila kitu, na mkono wake ulikuwa faida. Kakamega kazi ilikuwa nyingi kuliko mkono mmoja, ukawa kizuizi. Na sisi tulikuwa na malori manne kabla ya saa mbili asubuhi.

Simu ya tatu, kwa mhasibu wa Nakuru, ilikuwa fupi. Mwombaji alikubali nimpigie bila kusitasita, na hilo nalo ni jambo la kuandikwa. Nilitaka kujua asilimia ile ilipatikanaje, na mhasibu akanifafanulia kwa mfano. Tuseme stoo ina mali ya shilingi 4,000,000. Siku ya kuhesabu, bidhaa fulani zimepungua za shilingi 84,000, na nyingine zimezidi za shilingi 71,000. Wao walitoa moja kwa nyingine, wakabaki na pengo la 13,000, ambalo ni kama asilimia 0.3. Ripoti inapendeza. Lakini ukijumlisha makosa yote, ya kupungua na ya kuzidi, unapata 155,000, karibu asilimia 4. Ziada ya geji 28 inaficha upungufu wa geji 30, na mteja aliyelipia geji 28 amepelekewa bati jembamba.

"Kwa hiyo ile asilimia chini ya 1 ilikuwa ya namna gani?" nikauliza.

"Ya kutoa," akasema. "Kampuni nzima tulihesabu hivyo. Lakini yeye ndiye aliyeanza kuniletea orodha ya pili, ya bidhaa moja moja. Mimi ndiye niliyekosa muda wa kuitumia."

Namba iliyokuwa kwenye wasifu ilikuwa dhaifu kuliko ilivyoonekana, na mwenye wasifu alikuwa bora kuliko namba yake. Nisingeyapata haya mawili kama ningeuliza tu kama asilimia ile ni ya kweli, maana wote wangejibu ndiyo, nao wangekuwa wakweli.

Kuna mambo sikuuliza kwenye simu yoyote: ametoka kabila gani, ameoa au ameolewa, ana watoto, afya yake ikoje, anasali wapi. Bosi wa Kakamega aligusia kwao ni wapi, nikarudisha mazungumzo kwenye lori. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila na dini hata kwa mtu ambaye bado anaomba kazi, na habari ikishaingia sikioni ni vigumu kujizuia isiuguse uamuzi.

Nikamwita mwombaji. Sikumwambia nani alisema nini, kwa kuwa niliwaahidi. Nilimweleza picha niliyoiona: mtu wa kuaminika kwa hesabu, anayebeba kila kitu mwenyewe mpaka kazi inapomzidi. Nilimuuliza kama anajitambua hapo. Alitazama mikono yake. Akasema kazi yake ya kwanza kabisa, kabla ya Nakuru, alikatwa mshahara kwa hasara iliyofanywa na mwenzake aliyemwamini, na tangu hapo amekuwa hivyo. Nakiri ningeweza kumhukumu vibaya maisha yangu yote bila kulijua hilo.

Tulimwajiri, ila si kwa mpango tuliokuwa nao mwanzoni. Sheria inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita, na tulikitumia chote. Badala ya kuandika "aongoze vizuri", tuliandika mambo mawili yanayoonekana kwa macho. La kwanza, makarani wawili wawe na mamlaka ya kutoa bidhaa na kusaini bila yeye, mmoja upande wa simenti na nondo, mwingine upande wa rangi na misumari. La pili, kila siku bidhaa 15 zihesabiwe na mtu asiyezishika, na makosa yaandikwe moja moja bila kutoana. Hilo la pili alilipenda mara moja. La kwanza lilimuuma, na wiki tatu za mwanzo nilimkuta mara mbili amesimama nyuma ya karani anahesabu kwa midomo.

Wiki ya saba alifiwa, akaenda nyumbani siku nne. Sikulala vizuri usiku wa kuamkia siku ya kwanza. Malori yaliondoka saa mbili na robo, kesho yake saa mbili kamili. Simu yake ililia ofisini mara moja tu, naye alikuwa akiuliza kama tumepata ujumbe wa siku ya mazishi. Aliporudi, kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa daftari la hesabu za siku zile nne. Alilisoma akiwa amesimama, koti bado mwilini. Lilikuwa na kosa moja, mifuko 6 ya simenti iliyoandikwa mara mbili. Karani alikuwa ameshaliona mwenyewe, akalizungushia wino mwekundu na kutia saini yake pembeni.